Laivu ya maswali inayochelewa: anza na fremu kuu, ndipo uguse hali ya YouTube

*Yaya, mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Lubumbashi, Katuba. Kila siku ya posho ninafanya laivu ya maswali kwenye YouTube kwa wafinalisti wanaojiandaa na mtihani wa dola. Ninatumia OBS, programu ya kurushia laivu, kwenye laptopu, intaneti ni ya simu. Nikisema "nani ana swali?", maswali yanaingia nikiwa nimeshafika zoezi lingine. Kijana aliyeniwekea OBS alichagua Custom akabandika anwani ya seva. Mimi mwenyewe nikaweka Ultra low-latency, lakini sasa watoto wa Likasi na Kolwezi wanasema picha inazunguka tu, na kuchelewa kuko palepale. Kwenye Keyframe Interval naona 0. Niiguse ama niiache?*

Iguse, Mwalimu. Andika 2 mahali pa hiyo 0, kisha rudisha YouTube kwenye `Low latency` kwa sasa. Anza na hiyo 2, kwa sababu hali yoyote utakayochagua upande wa YouTube haiwezi kufanya kazi yake vizuri kama laptopu yako inatuma fremu kuu mara chache.

Kamera yako inatoa picha 30 kila sekunde, lakini enkoda, sehemu ya OBS inayobana video, haitumi picha nzima 30. Inatuma moja iliyo kamili, ndiyo fremu kuu, halafu zinazofuata zinabeba mabadiliko peke yake: mkono uliosogea, chaki iliyoongeza alama ya mzizi. Ndiyo sababu video inapita kwenye intaneti ndogo. Gharama yake ni kwamba simu ya mwanafunzi haiwezi kuanza kuonyesha video mahali popote. Ikipokea mabadiliko bila picha kamili ya kuyawekea, haina cha kuonyesha. Lazima isubiri fremu kuu.

Sasa, laivu haimfikii mtazamaji ikiwa mkondo mmoja usiokatika. Inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa faili dogo, na simu inavipakua kimoja baada ya kingine. Kipande ni kama teksibasi ya mjini: hakiondoki mpaka kijae. Na kwa kuwa kila kipande kinatakiwa kuanza na fremu kuu, umbali kati ya fremu kuu moja na nyingine ndio unaoweka urefu mfupi kabisa wa kipande. Kichezeshi nacho, yaani programu inayoonyesha video kwenye simu, hakianzi na kipande cha mwisho kilichotoka. Katika HLS, mfumo ambao laivu nyingi zinausambazia video, kichezeshi cha kawaida kinatakiwa kubaki nyuma kwa urefu wa vipande vitatu hivi ili kiwe na akiba intaneti ikiyumba.

Tuweke namba zako. Sifuri kwenye `Keyframe Interval` maana yake ni "enkoda ijiamulie". Enkoda ya x264, ambayo laptopu nyingi zinaitumia ndani ya OBS, ikiachwa ijiamulie inaweza kukaa hadi fremu 250 kabla ya kutoa fremu kuu nyingine. Kwa fremu 30 kwa sekunde, 250 gawa kwa 30 ni sekunde 8.3. Ubao wako hautembei, wewe mwenyewe unasogea kidogo, kwa hiyo enkoda haioni sababu ya kutoa fremu kuu mapema. Inakwenda mpaka mwisho wa hizo 250. Kipande cha sekunde 8.3 mara tatu ni sekunde 25, na hapo hatujahesabu muda wa kupandisha video wala wa YouTube kuitengeneza upya kwa ubora mbalimbali. Fremu kuu ikija kila sekunde 2, hesabu ileile inatoa 6. Kila huduma ina namna yake ya kukata vipande na kuweka akiba, kwa hiyo usizichukue 25 na 6 kama ahadi. Lakini uwiano ndio huo, na ndio unaoeleza kwa nini swali linakukuta zoezi la pili. YouTube wenyewe wanapendekeza sekunde 2, na wanaomba isizidi 4. Ikizidi, kwenye ukurasa wa kuongozea laivu linatokea onyo linalotaja `keyframe frequency`. Angalia kama hujawahi kulipita bila kulisoma.

Yule kijana naye, pale alipochagua `Custom...`, ndipo tatizo lilipoingilia. Ukichagua huduma ya YouTube katika orodha ya OBS, programu inajua mapendekezo ya YouTube na inaweka sekunde 2 yenyewe, hata kama kwenye kisanduku unaona 0. Ukichagua `Custom...`, OBS haijui unatuma wapi, na 0 inabaki 0. Hali ni hiyohiyo kama kuna tiki kwenye `Ignore streaming service setting recommendations`. Watu wengi wana 0 na laivu yao inakwenda vizuri, wanakuambia usiguse, kumbe wao OBS inawasahihishia kimyakimya. Wewe haikusahihishii.

Ndiyo maana pia `Ultra low-latency` ilikuumiza bila kukusaidia. Kazi ya hali hiyo ni kupunguza akiba ambayo kichezeshi kinajiwekea. YouTube wanasema watazamaji wengi watakuwa nyuma kwa chini ya sekunde 5, na kwa `Low latency` chini ya 10. Wanaonya pia kwamba kadiri kuchelewa kunavyopungua ndivyo kukwama kunavyoongezeka. Kichezeshi chenye akiba ndogo kinataka vipande vifupi vinavyofika mfululizo. Wewe ulikuwa unatuma video isiyokatika vizuri chini ya sekunde nane, tena juu ya intaneti ya simu. Mtoto wa Kolwezi anamaliza akiba yake, simu inazunguka, na kila inapozunguka anabaki nyuma zaidi. Mwishoni amechelewa kama zamani, na mega zimeondoka.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu lina uzito kuliko kwa mtu mwenye nyuzi za optiki nyumbani. Intaneti yako ikishindwa kupandisha kwa muda, OBS inaanza kutupa fremu ili isirundike video ya zamani. Ikishatupa fremu za mabadiliko, zinazofuata hazina maana tena, kwa hiyo inaendelea kutupa mpaka ifike fremu kuu. Ukiwa na nafasi ya sekunde 8, mtikisiko wa nusu sekunde unaweza kukugharimu sekunde kadhaa za picha iliyoganda kwa wanafunzi wote kwa pamoja. Ukiwa na sekunde 2, hasara inaishia hapo. Hata kama usingejali kuchelewa, kwa sababu hii peke yake ningekuambia uandike 2.

Fungua `Settings`, nenda `Stream`. Kwenye `Service` chagua `YouTube - RTMPS` mahali pa `Custom...`, uunganishe akaunti yako au ubandike ufunguo wako wa laivu. Nenda `Output`, geuza `Output Mode` iwe `Advanced`, na kwenye `Streaming` weka `Rate Control` kuwa `CBR`, yaani kiasi kilekile cha data kila sekunde, na `Keyframe Interval` kuwa 2. Andika hiyo 2 kwa mkono hata baada ya kuchagua YouTube. Siku mtu mwingine akigeuza huduma, namba yako itabaki.

Bitireti, yaani kiasi hicho cha data kwa sekunde, usiikisie. Pima kasi ya kupandisha kwenye simu hiyohiyo, mahali hapohapo, siku ya posho saa ileile ya kipindi, kwa maana mnara unaokupa megabiti 3 asubuhi watu wakiwa sokoni hautakupa hizo jioni kila mtu akiwa nyumbani. Chukua kama nusu ya kipimo kibaya ulichokiona. Tuseme kipimo kibaya ni megabiti 3: video 1500 Kbps na sauti 96 zinatosha, kwa picha ya 1280x720 na fremu 30. Kipimo kibaya kikiwa 1.5, shuka hadi 700 Kbps na picha ya 854x480, na uandike ubaoni kwa herufi kubwa. Ubao ulio wazi kwa 480 ni afadhali kuliko 720 inayokwama katikati ya kipeo cha pili. Na kama simu inaipa laptopu intaneti kwa waifai, tumia waya wa USB; unaondoa mtikisiko mmoja bila gharama.

Baada ya hapo fungua `Advanced`. Hakikisha `Stream Delay` haina tiki, maana hiyo ni kuchelewesha kwa makusudi, na mtu anayefungua mipangilio bila kusoma huiwasha. Karibu na hapo kuna `Dynamically change bitrate to manage congestion`: iwashe. Intaneti ikibana, OBS itapunguza ubora wa picha kwanza badala ya kutupa fremu. Upande wa YouTube, kwenye mipangilio ya laivu, chagua `Low latency` kabla ya kuanza, na uangalie kwamba sehemu ya `Delay` iko `None`.

Usisubiri siku ya posho kujua kama fremu kuu zimekaa sawa. Unaweza kujaribu bila kupandisha chochote. Katika `Output`, sehemu ya `Recording`, weka enkoda kuwa `(Use stream encoder)`, faili liwe la mkv, kisha urekodi dakika moja ukiandika ubaoni kama kawaida. Faili hilo linatoka kwenye enkoda ileile ya laivu. Ukiwa na programu ya ffmpeg kwenye laptopu, lipe faili jina `jaribio.mkv`, fungua terminali kwenye folda yake, uandike hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 jaribio.mkv
```

Amri hiyo inaorodhesha saa ya kila fremu kuu. Mipangilio ikiwa sawa utaona namba zinazopanda kwa mbili:

```
0.000000
2.000000
4.000000
6.000000
```

Ukiona zinaruka kwa 8.3, ile 0 bado inatawala mahali fulani. Rudi `Output` uangalie kama ulihifadhi. Ukiona kati yake imejipenyeza namba isiyo ya kawaida, kama 5.133, usiogope. Hapo picha ilibadilika ghafla, labda ulitoka kamera ukaenda kwenye skrini ya mazoezi, na enkoda ikaongeza fremu kuu ya ziada. Ziada haicheleweshi, upungufu ndio unaochelewesha. Sioni haja ya kuzima tabia hiyo kwa laivu ya ubao.

Kisha pima kuchelewa kwenyewe, kwa saa. Weka mbele ya kamera simu inayoonyesha saa yenye sekunde, anzisha laivu ya `Unlisted`, inayoonekana kwa mwenye kiungo tu, na umpe kiungo mwanafunzi mmoja aliye Likasi, mwenye simu ya kawaida na mega za kawaida. Usipime kwa simu yako iliyo kwenye intaneti ileile ya laptopu, maana utakuwa unanyang'anyana na laivu yako. Mpigie simu, hesabuni pamoja, na kila mmoja asome saa anayoiona kwa wakati mmoja. Wewe ukisoma sekunde ya 48 na yeye akisoma ya 27, mko mbali kwa sekunde 21. Simu ya sauti nayo ina kuchelewa kwake kidogo, lakini hakubadilishi hesabu hii. Mwenye kompyuta anaweza kubofya video kwa kitufe cha kulia, akachagua `Stats for nerds`, na kusoma mstari wa `Live Latency` pamoja na `Buffer Health`, yaani sekunde za akiba alizobaki nazo.

Ukiwa na 2 na `Low latency`, tarajia tofauti ya chini ya sekunde kumi kwa mwanafunzi mwenye intaneti inayoshika. Ikibaki ishirini na kitu kwa mmoja tu, muulize kama aliwahi kusimamisha video. Aliyesimamisha kwa dakika moja anaendelea kutazama dakika moja nyuma na wala hajui. Mwambie aguse neno la laivu lililo chini ya video mpaka liwe jekundu. Hapo anarushwa mbele. Ningependa useme hivyo kwa sauti kila unapofungua maswali, kwa sababu hakuna mpangilio wowote wa upande wako unaoweza kumsogeza mtu aliyejiacha nyuma.

Wakianza tena kusema "inazunguka", usibadilishe kitu kabla hujajua kunazunguka upande gani. Fungua `Stats` ndani ya OBS, uangalie mstari wa fremu zilizotupwa kwa sababu ya mtandao. Ukipanda wakati wanalalamika, kosa liko kati ya laptopu yako na mnara: punguza bitireti. Ukiwa umetulia kwenye sifuri, na wanaolalamika ni wa Kolwezi peke yao ilhali wa Kipushi wanaona vizuri, kosa liko kwao: washauri washushe ubora hadi 240 au 144. Sauti na maandishi makubwa bado vitaonekana. Mstari unaotaja `encoding lag` ukipanda, basi ni laptopu inayochoka. Funga vivinjari vingine, au weka `CPU Usage Preset` kuwa `superfast`.

Utasikia watu wakikuambia uweke 1 badala ya 2. Inawezekana, na kwa mtu mwenye kasi kubwa ya kupandisha inaweza kunyofoa sekunde moja au mbili. Lakini fremu kuu ni nzito kuliko zile za mabadiliko, na kwenye `CBR` ya 1500 uzito huo hautoki hewani. Unatolewa kwenye ubora wa fremu nyingine. Ukizidisha fremu kuu mara mbili, ubao unaanza kufifia na kung'aa kila sekunde, na tarakimu ndogo ndizo zinazopotea kwanza. Kwa mwalimu wa hesabu hiyo ni hasara kubwa kuliko sekunde moja. Ushauri mwingine ni kuweka `Tune` kuwa `zerolatency`. Unafanya kazi, lakini kinachookolewa ndani ya enkoda hakifiki sekunde moja kwa preseti ya `veryfast`, na picha inaharibika kidogo kwa bitireti ileile. Uache mpaka umemaliza yote ya juu.

Hata baada ya haya kutabaki kama sekunde saba au nane kati ya mdomo wako na sikio lao, na mtoto anahitaji muda wa kuandika "x mraba" kwenye simu. Kwa hiyo uliza swali lako kabla hujamaliza zoezi: sema "andikeni maswali ya zoezi hili sasa", halafu endelea kuandika mistari miwili ya mwisho ya utatuzi polepole. Ukimaliza, maswali yameshafika. Kila moja lisome kwa sauti pamoja na jina la mwanafunzi na namba ya zoezi, ili aliye nyuma ajue unajibu nini.

Ukitaka mwanafunzi azungumze nawe kwa sauti, mkatane maneno kama mko darasani, njia hii haitafika huko. Hiyo ni kazi ya mikutano ya video, inayotumia WebRTC na mara nyingi inabaki chini ya sekunde moja. Lakini hapo hakuna akiba karibu yoyote, kwa hiyo mwenye intaneti mbaya anapoteza maneno moja kwa moja. Kwa wanafunzi wanne au watano wa marudio inafaa sana. Kwa darasa zima la wafinalisti lililotawanyika mpaka Kolwezi, baki na YouTube.

Endesha vipindi kadhaa hivyo kwenye `Low latency`. Fremu zilizotupwa zikikaa sifuri kipindi kizima, na yule wa Likasi akiripoti kwamba haikuzunguka, jaribu `Ultra low-latency` kwenye laivu fupi ya `Unlisted`, na umpime tena yeyeyule kwa saa. Akipata sekunde tano bila kukwama, hamia huko. Akikwama hata mara moja ndani ya dakika kumi, rudi `Low latency` na usiione kama umeshindwa: sekunde tatu za ziada mwanafunzi hazioni, lakini kuzunguka katikati ya utatuzi anakuona.